Rejea Barua Pepe Zangu Nne

Saa nne asubuhi, na tayari alikuwa amechoka. Haukuwa ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ulikuwa umempanda taratibu kwa miaka thelathini na mbili, ukianzia miguuni, na sasa ulikuwa umefika kwenye kope za macho. Watu wa ofisi ya wilaya walimwita Mama Masijala, maana ndicho chumba chake, na wengine waliamini kwamba alijengwa pamoja nacho.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jengo, kando ya choo cha wafanyakazi. Kuta tatu zilikuwa rafu za mafaili, na ule wa nne ulikuwa na dirisha lililopakwa rangi nyeupe nusu ili wapita njia wasichungulie siri za serikali. Siri zenyewe, ukimuuliza yeye, zilikuwa maombi ya likizo na malalamiko ya mipaka ya viwanja. Mezani palikuwa na kompyuta, mashine ya kuchapa iliyopenda kumeza karatasi mbili mbili, muhuri wa IMEPOKELEWA, rejesta nene na kalamu ya wino mwekundu.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Kila barua pepe iliyoingia aliichapa, akaigonga muhuri wa tarehe, akaiandika kwenye rejesta, kisha akaitafutia faili lake. Ikishaingia kwenye faili hupewa namba yake ya ukurasa kwa wino mwekundu pembeni juu, na hiyo namba huitwa folio. Faili hubebwa hadi kwa afisa anayehusika, naye huandika dokezo lake. Barua ikiingia faili sahihi, hufika. Ikiingia faili lisilo lake, hapo imezikwa, na hakuna wa kuifukua isipokuwa aliyeizika.

Zamani, barua zilipokuja kwa bahasha, zilikuwa kumi na tano kwa siku, naye alizisoma zote hadi saini. Tangu zianze hizi za kompyuta zilikuwa zinafika tisini. Siku ya kwanza alijitahidi. Mwezi wa kwanza alijikongoja. Baada ya hapo alijizoeza kusoma mstari wa YAH tu, kile kichwa cha habari kinachosema barua inahusu nini, na kama hakuna basi alisoma walichoandika kwenye sehemu ya mada. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakuna aliyejua.

Siku hiyo ya Ijumaa, saa saba kasoro, mlango uligongwa mara tatu kwa adabu. Aliyeingia alikuwa mwanamume mwembamba mwenye koti la suti lililofifia mabegani, viatu vyekundu kwa vumbi la barabarani, na simu aliyoishika kwa mikono miwili.

"Hodi, dada yangu. Habari za tangu asubuhi? Habari za nyumbani? Habari za kazi na uchovu wake?"

"Nzuri zote, Mwalimu. Kaa."

Alimjua kwa sura. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo mbali kuliko zote wilayani, kule barabara inakokatika. Akakaa kwenye benchi, akashusha pumzi, akasema amekuja kuulizia majibu. Ameandika barua pepe nne kwa Mkurugenzi wa Wilaya tangu Februari. Hajajibiwa hata moja, na si kwamba analalamika, hapana, anajua wakubwa wana mambo mengi.

"Zinahusu nini?"

"Ukuta wa darasa la kwanza. Una ufa."

Alimwonyesha picha kwenye simu. Mama Masijala alivaa miwani. Ufa ulianza chini kwenye msingi ukapanda mshazari hadi kwenye boriti, na katikati ulikuwa mpana kiasi kwamba watoto walikuwa wamechomeka kalamu zao za risasi humo ndani, zimepangana vizuri kama ziko kabatini.

"Wanaona ni rafu," alisema Mwalimu Mkuu. "Nikiwakataza wanachomoa, nikigeuka wanarudisha. Wako hamsini na mmoja mle ndani, dada yangu. Sina chumba kingine, na siwezi kufunga darasa bila barua ya ofisi. Na mvua kubwa ndizo hizo zinakuja."

Mama Masijala aliinuka, magoti yakalia. Akashusha faili la UKARABATI WA MAJENGO YA SHULE, akapekua kuanzia Februari. Kulikuwa na choo, paa, choo, mlango, choo tena. Shule ya Mwalimu haikuwemo. Akarudi kwenye rejesta, akapitisha kidole kwenye safu ya majina, akaiona shule yenyewe: tarehe sita Februari. Mbele yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, palisomeka namba ya faili la SALAMU, MIALIKO NA MENGINEYO.

Akalitoa hilo faili. Zilikuwemo zote nne: folio 41, folio 48, folio 55, folio 62. Kila moja ilikuwa na muhuri na tarehe, safi kabisa, na kila moja ilikuwa na kichwa kilekile: YAH: SALAMU ZA HERI NA MENGINEYO.

Akaisoma ya kwanza. Mwalimu alianza kwa kumshukuru Mungu kwa uzima. Akamsalimu Mkurugenzi, akaisalimu familia yake, akampongeza kwa uongozi wake uliotukuka. Aya ya tatu iliwapongeza wasaidizi wake. Ya nne ilieleza ushindi wa timu ya shule ya mpira wa pete, mabao ishirini kwa kumi na nane. Ya tano na ya sita zilikuwa sala. Ya saba, chini kabisa, upande wa pili wa karatasi, ilianza hivi: "Aidha, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba kukudokeza kwamba ukuta wa nyuma wa darasa la kwanza..."

"Mwalimu," alisema polepole, "hii ni barua au ni hotuba ya harusi?"

Mwalimu Mkuu alikaa wima kwenye benchi. "Nilivyolelewa mimi, mtu hamwingilii mkubwa wake na shida mlangoni. Unasalimu kwanza. Unakaribishwa. Unakaa. Ndipo unasema kilichokuleta."

"Huyo mkubwa hukai naye. Anapewa faili, na faili anapewa na mimi. Na mimi..." Alitaka kusema na mimi nasoma vichwa. Badala yake akalifunga faili.

Akatazama saa. Saa saba na dakika kumi. Saa tisa na nusu Mhandisi wa wilaya angefunga orodha ya shule za kukagua wiki ijayo, na baada ya hapo asingetoka tena mpaka mvua ziishe. Orodha ilikuwa ya shule kumi na mbili tu, na maombi yaliyokuwa mezani kwake yalikuwa kumi na sita. Mama Masijala alijua, maana ndiye aliyeyabeba.

"Toa hiyo simu," alisema. "Unaandika upya sasa hivi. Mimi ni wa kupokea barua, siruhusiwi kuziandika, kwa hiyo kidole ni chako. Mdomo hawajanikataza."

Wakaanza. Alimwambia barua pepe ya ofisini ina umbo lilelile la barua ya karatasi. Juu kabisa anwani ya shule. Chini yake Kumb. Na., namba ya kumbukumbu ya shule, na tarehe. Mwalimu Mkuu akasema shule haina namba ya kumbukumbu. Mama Masijala akamwambia anayo, imo kwenye kila waraka anaopelekewa, ni vile hajawahi kuitazama. Kisha cheo cha anayeandikiwa, Mkurugenzi wa Wilaya, cheo tu bila jina, maana wakurugenzi huhama na kiti hubaki. Kisha ofisi na sanduku la posta.

"Sasa kichwa. Herufi kubwa. YAH, nukta mbili. Sema jambo moja."

Mwalimu akaandika kwa kidole kimoja, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Akasoma: "YAH: OMBI LA UNYENYEKEVU KUHUSU HALI YA DARASA NA MAENDELEO YA SHULE KWA UJUMLA."

"Futa maendeleo. Futa kwa ujumla. Futa unyenyekevu, watauona wenyewe."

Walibishana robo saa nzima. Mwishowe ilibaki: YAH: OMBI LA UKAGUZI WA HARAKA WA UKUTA WENYE UFA, DARASA LA KWANZA. Akamwambia ainakili hiyohiyo kwenye sehemu ya mada, asiweke neno 'salamu' popote.

"Sasa hapa ndipo namsalimu?"

"Hapa unaandika: Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

"Basi? Bila hata habari za asubuhi?"

"Hiyo ndiyo shikamoo ya ofisi, Mwalimu. Umemwamkia, umemwonyesha jambo, hujampotezea muda. Heshima gani tena unataka?"

Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa atoke nje bila shati, lakini akaandika. Aya zikapewa namba. Katika ya pili akaeleza ufa, urefu wake na upana wake kwa sentimita, idadi ya watoto. Ya tatu ikawa ombi: Mhandisi aje akague, na ofisi iruhusu darasa lihamishwe. Ya nne ikataja picha tatu zilizoambatishwa. Nawasilisha. Jina, cheo, namba ya simu. Mwisho, nakala kwa Mhandisi wa Wilaya.

Ilikuwa saa nane na nusu. Mwalimu Mkuu aliisoma kwa sauti tangu juu hadi chini, na alipomaliza akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Fupi hivi! Nilidhani barua ya maana lazima ichoshe. Imekamilika, dada yangu? Niitume?"

Mama Masijala alilitazama lile faili la salamu.

Ilikuwa imekamilika. Mtu yeyote angesema imekamilika. Ila ingeingia leo, ingepigwa muhuri wa leo, na ingekaa namba kumi na saba kwenye orodha ya shule kumi na mbili. Mhandisi alipanga shule kwa tarehe ya kwanza ya kupokelewa masijala, ndio utaratibu, na shule hii ilipokelewa tarehe sita Februari. Kwa tarehe hiyo ingekuwa ya nne. Ulihitajika mstari mmoja tu, ule wa rejea, wenye tarehe za zile barua nne na namba zake za folio. Mhandisi asingekubali tarehe tupu, hilo alilijua. Na namba za folio hakuwa nazo mtu mwingine yeyote chini ya jua isipokuwa yeye.

Mstari huohuo ungesema jambo jingine pia. Ungesema barua nne za ufa zilifika hapa, zikapokelewa, zikafichwa kwenye salamu kwa karibu miezi mitatu. Ungesema kwa herufi nyeusi, ndani ya faili la serikali ambalo halitupwi. Alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu, na kwenye faili lake binafsi hapakuwa na hata karipio la kuchelewa kazini. Alijivunia hilo. Hakuwa na mengine mengi ya kujivunia.

Aliona uchungu, na akamwonea hasira yule mwalimu na mpira wake wa pete. Kwa nini hakuandika vizuri tangu mwanzo? Mwalimu alikuwa ameshainuka, anapangusa vumbi kwenye koti, anamshukuru Mungu na watu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma.

"Bado," alisema Mama Masijala. "Kaa. Kuna mstari tumeuruka kwenye aya ya kwanza."

"Upi?"

"Andika: Rejea barua pepe zangu nne, za tarehe sita Februari, ishirini na saba Februari, kumi na tisa Machi na kumi Aprili, zilizopokelewa na masijala ya ofisi yako." Akafungua lile faili, akavuta pumzi. "Na kwenye mabano uandike folio arobaini na moja, arobaini na nane, hamsini na tano, sitini na mbili."

Mwalimu Mkuu aliandika. Halafu kidole kikasimama. Hakuwa mjinga, alikuwa mtu wa salamu nyingi tu. "Dada yangu," alisema, "hii haitakuletea maneno?"

"Tuma, Mwalimu. Saa zinakwenda."

Kompyuta ikalia. Akaichapa, akaigonga muhuri, akaisoma yote, akaiingiza kwenye faili la UKARABATI. Zile nne akazitoa kwenye salamu, akazihamishia humo, na kule zilikotoka akaacha karatasi ya kuonyesha zimekwenda wapi, kama inavyotakiwa. Kisha akalibeba faili kwa mikono yake hadi ghorofani kwa Mhandisi, ngazi thelathini na moja, akipumzika katikati. Mhandisi alilipitia akiwa amesimama, akakunja uso alipofika kwenye zile folio, akainua macho kumtazama. Akaandika jina la shule, namba nne.

Maneno yalikuja Jumatano. Afisa Utumishi aliyaleta mwenyewe, binti mpole wa umri wa mwanawe wa pili, akaiweka barua mezani kama anayeweka sufuria ya moto.

"Mama, imenibidi. Mhandisi ameuliza, na Mkurugenzi ameuliza."

YAH: KUTAKIWA KUTOA MAELEZO. Siku saba. Ilikuwa imeandikwa vizuri, hilo alilikubali. Kumbukumbu ilikuwa mahali pake, na jambo lilikuwa moja. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuifanya hiyo kazi, aliiandika kwenye rejesta mwenyewe na kuipa folio kwa wino mwekundu, kwenye faili lenye jina lake.

Nyumbani, mumewe aliyewahi kuwa dereva wa ofisi hiyohiyo aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Miezi mitano tu, mke wangu. Usijichongee. Kosa ni la nani? Si la huyo mwalimu aliyeandika salamu? Sema hivyo. Si uongo."

Na kweli haukuwa uongo. Usiku ule alilala na ushauri huo, akaamka nao. Kila asubuhi alipanga kuandika, na kila asubuhi zile tisini zilimsubiri, naye sasa alizisoma zote hadi mwisho, akachelewa hata chakula cha mchana. Siku ya saba hakukuwa na pa kukimbilia. Akakaa, akaandika: "Mwandishi wa barua husika hakuzingatia utaratibu wa kuweka kichwa cha habari kinacholingana na jambo, hali iliyosababisha..." Ilikwenda vizuri. Miaka thelathini na mbili ya kusoma barua za watu ilikuwa imemfundisha namna ya kujitoa kwenye shimo kwa lugha safi.

Alikuwa akitafuta neno la kumalizia pale kompyuta ilipolia.

Mada ilisema: KUBOMOLEWA KWA UKUTA, DARASA LA KWANZA. Ilikuwa na namba ya kumbukumbu, tarehe, cheo bila jina. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwalimu alikuwa mwanafunzi mwema. Aya ya pili ilisema Mhandisi alifika Alhamisi iliyopita, akaamuru watoto watoke saa ileile, na sasa wanasomea kwenye ofisi ya walimu. Ya tatu ilisema mafundi wawili walikuja Jumanne na nyundo, lakini nyundo hazikutumika. Waliusukuma ukuta kwa mikono, ukaanguka wote mara moja, kuelekea ndani, juu ya madawati.

Mama Masijala aliisoma hiyo aya mara tatu. Hamsini na mmoja. Alijaribu kuwaona, akaona kalamu tu.

Kulikuwa na ya nne. Mwalimu alikuwa ameshindwa kujizuia, ameingiza jambo la pili kwenye barua moja: "Aidha, naomba ieleweke kwamba barua zangu za mwanzo zilichelewa kushughulikiwa kwa kosa langu mwenyewe la kuandika kichwa kisichofaa. Karani wa masijala asilaumiwe." Nakala kwa Afisa Utumishi.

Akaichapa. Akaigonga muhuri. Kilio kilimjia ghafla, akakiacha kije, maana mlango ulikuwa umefungwa. Karatasi ile ingemtoa shimoni. Ilitosha kuiambatisha, aandike mistari miwili chini yake, aende nyumbani na faili safi.

Alipomaliza kupangusa miwani alifuta alichokuwa ameandika, chote, mpaka kikabaki kichwa cha habari na kumbukumbu. Barua ya Mwalimu akaiweka mahali pake, kwenye faili la UKARABATI, bila kuiambatisha. Kisha akaandika upya, na ikawa fupi kuliko barua zote alizowahi kupokea:

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Barua zote nne nilizipokea mimi. Jambo la ukuta lilikuwemo katika kila moja. Nilisoma vichwa peke yake.

Nawasilisha."

Akaisaini, akaivalisha jalada, akaanza kupanda ngazi kwenda kwa Afisa Utumishi.